Ushuru wa kikombe cha keg: nani analipa, na ni pesa gani inapotea bila kumfikia mtu

UZI. Kila msimu wa Muswada wa Fedha mabishano ni yale yale. Juzi nilikuwa nafuatilia wawili wakichapana kwa maneno, mmoja wa Ruiru, mwingine wa Thika, kuhusu ushuru wa bidhaa kwenye bia ya keg. Wa Ruiru anasema, "Ushuru unatozwa kiwanda, mwananchi haumhusu." Wa Thika anajibu, "Wacha zako bana, kila shilingi itawekwa kwa kikombe changu." Wote wawili wamekosea. Na bahati nzuri hili jambo linachoreka kwa penseli na karatasi.

Kwanza historia kidogo, kwa sababu Kenya tulishafanya jaribio hili. Senator Keg iliingia sokoni 2004 ikiwa imesamehewa ushuru, lengo likiwa kuwatoa watu kwenye pombe za vichochoroni. Mwaka wa 2013 msamaha ule ukakatwa hadi nusu. Bei ya kikombe ikapanda, mauzo yakaporomoka vibaya, na wakulima wa mtama waliokuwa wakilimia kiwanda wakabaki na magunia. Mwaka wa 2015 msamaha ukarudishwa, mara hii asilimia 90.

Sasa tuchore. Namba nitakazotumia ni zangu za mfano, nimezichagua zigawanyike vizuri, msiende kuzinukuu bungeni. Tuseme baa zote za keg kati ya Ruiru na Thika zinauza vikombe 3,000 kwa siku, kila kimoja shilingi 40.

Bei iko kwenye mstari wa wima, idadi ya vikombe kwenye mstari wa chini. Mstari wa mahitaji unashuka: bei ikipanda shilingi 1, wanywaji wanapunguza vikombe 100. Ukiurefusha, unagusa mstari wa bei kwenye 70, yaani kwa 70 hakuna mtu anayenunua. Mstari wa ugavi unapanda: bei ikiongezeka shilingi 1, wauzaji wako tayari kuleta vikombe 300 zaidi. Huu unaanzia 30, chini ya hapo hakuna anayeleta keg. Mistari inakutana kwenye vikombe 3,000 na shilingi 40.

Serikali inaweka ushuru wa shilingi 20 kwa kila kikombe. Hapa ndipo wengi wanateleza. Wanaandika bei mpya 60, basi. Lakini angalia mstari wa mahitaji: kwa 60, vinanunuliwa vikombe 1,000 tu. Na muuzaji akibaki na 40 baada ya kodi, bado anataka kuuza 3,000. Vikombe 2,000 vinakosa mnywaji. Hiyo bei haiwezi kusimama.

Njia sahihi ni hii. Anza pale mistari inapokutana, tembea kushoto polepole, huku ukipima nafasi ya wima kati ya mstari wa juu (mahitaji) na wa chini (ugavi). Nafasi ikifika 20, simama. Hapo ndipo soko jipya. Kwenye mfano wetu unasimama kwenye vikombe 1,500. Juu unasoma 55, ndiyo bei anayolipa mnywaji. Chini unasoma 35, ndiyo inayobaki kwa upande wa wauzaji. Tofauti ni 20, inaenda KRA.

Kwa hivyo nani amelipa? Mnywaji alikuwa analipa 40, sasa 55: amebeba 15. Muuzaji alikuwa anapata 40, sasa 35: amebeba 5. Na zingatia kwamba sikuuliza kokote nani ndiye anayepeleka pesa KRA. Hata sheria ikisema kila mnywaji atume ushuru wake mwenyewe kwa simu, bado unatafuta nafasi ile ile ya 20, unafika kwenye 55 na 35. Mgawanyo unaamuliwa na mistari. Wauzaji wananyumbuka mara tatu zaidi ya wanywaji (300 kwa 100), kwa hivyo wanywaji wanabeba mara tatu zaidi. Mwenye pa kukimbilia anakimbia. Asiye na pa kukimbilia ndiye anabaki na mzigo.

Ndiyo maana nikisikia "kiwanda ndicho kitalipa" huwa nauliza: kiwanda au nani ndani ya huo upande wa ugavi? Ile 5 haikai lazima kwa mwenye hisa. Mkulima ambaye mtama wake umeshavunwa hana njia nyingine msimu huo. Mwenye baa ya Makongeni ambaye ameshalipa leseni na kodi ya nyumba naye vile vile.

Sasa twende kwa pesa. Kabla ya kodi, mtu wa hesabu za haraka angesema: 20 mara 3,000, serikali itapata 60,000 kwa siku. Lakini vikombe sasa ni 1,500. Serikali inapata 30,000. Kwenye mchoro huo ni mstatili: kimo 20, upana 1,500. Mstatili huu si hasara. Ni pesa imehama mfuko, iwe itajenga zahanati au itapotelea kwa semina Naivasha, huo ni mjadala mwingine.

Hasara yenyewe iko kulia kwa mstatili. Tazama pembetatu yenye ncha tatu: vikombe 1,500 kwa bei 55, vikombe 1,500 kwa bei 35, na pale pa zamani, 3,000 kwa 40. Hivi ni vikombe 1,500 ambavyo mnywaji alivithamini kuliko gharama ya kuvileta, lakini havikuuzwa. Mnywaji hana, muuzaji hana, na KRA haina, kwa sababu kikombe kisichouzwa hakilipi ushuru. Eneo lake ni nusu ya 20 mara 1,500, sawa na 15,000 kwa siku. Ukitaka kuhakikisha: wanywaji wamepoteza 33,750, wauzaji 11,250, jumla 45,000. Serikali imepata 30,000. Pengo ni 15,000.

Hebu jaribu ushuru wa 10. Unasimama kwenye vikombe 2,250. Serikali inapata 22,500, pembetatu ni 3,750. Ukipandisha kutoka 10 hadi 20, serikali inaongeza 7,500 na hasara inaongezeka 11,250. Kodi mara mbili, pembetatu mara nne. Waziri anayesoma bajeti hutaja mstatili tu.

Kuna mmoja atasema, "Lakini pombe inaharibu familia, hiyo pembetatu iache ipotee." Ni hoja halali. Mchoro huu unahesabu faida ya mnywaji na muuzaji pekee, haumhesabu mtoto nyumbani. Kama kila kikombe kina madhara kwa wengine, sehemu ya pembetatu si hasara. Ila hapo inabidi uulize wanywaji wa vile vikombe 1,500 wameenda wapi. Mchoro unaonyesha tu kwamba wametoka kwenye soko la keg, hauonyeshi kama wamelala mapema au wamevuka barabara kwa mama pima, ambako hakuna stempu ya KRA wala anayepima methanoli.