Kabla ung'oe zipu, angalia kichwa chake

Hebu chukua begi lako la mgongoni, lile ulilolitupa chini ya kitanda kwa sababu "zipu imekufa". Vuta zipu kama unaifunga. Kama kichwa kinatembea vizuri lakini meno yanaachana nyuma yake, zipu yako haijafa. Kilichokufa ni kichwa, na kichwa ni kitu cha shilingi 20.

Ukielewa hapo tu, tayari uko na kazi mkononi. Watu wengi mtaani, hata mafundi wengine, hawaelewi.

Kichwa cha zipu kina midomo miwili mbele na mmoja nyuma. Meno ya kushoto na ya kulia yanaingia kila upande na mdomo wake, yanabanwa ndani, kisha yanatokea nyuma yakiwa yameshikana. Kazi ya kubana inafanywa na kuta za pembeni. Sasa fikiria vumbi la Nairobi, mchanga wa uwanja wa shule, na mtoto anayevuta zipu mara ishirini kwa siku begi likiwa limejaa kupita kiasi. Kuta zinalika pole pole, nafasi inapanuka, na siku moja meno yanapita ndani bila kubanwa. Meno yenyewe yako sawa kabisa.

Mafundi wengi wakiona hivyo wanachukua koleo na kubana kichwa kwa nyuma, kushoto kidogo, kulia kidogo. Inafanya kazi, lakini si kwa muda mrefu. Nilijifunza hilo kwa aibu. Nilikuwa nimeanza tu, baada ya wiki tatu za kukaa kando ya fundi wa viatu stejini nikimwangalia. Jumapili moja ya Januari, kesho yake shule zinafunguliwa, mama mmoja akaniletea begi la kijana wake. Nikabana vichwa vyote viwili, zipu ikafunga safi, nikachukua hamsini yangu. Jumatatu jioni akarudi.

"Fundi, ulinitengenezea nini? Begi limefunguka ndani ya matatu, vitabu vyote chini."

"Pole mama. Niachie, sitakulipisha."

Kuangalia, kichwa kimoja kilikuwa na ufa. Chuma cha vichwa vingi vya zipu kimeyeyushwa na kumiminwa, hakipindiki kama waya. Ukikibana kwa nguvu kinapasuka, na usipokibana vya kutosha kinarudi pale pale. Siku hizi nabana tu mteja akiwa njiani na hana muda, na namwambia wazi kwamba hiyo ni ya kumfikisha nyumbani.

Basi begi la yule kijana lilitengenezwa hivi. Kwanza nilikagua meno. Zipu za mabegi mengi ya shule ni za plastiki iliyopindwa kama springi na kushonewa kwenye utepe. Nilipitisha kucha polepole kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha nikainua utepe kwenye mwanga. Kama springi imeng'oka kwenye utepe, au kuna mahali imelala kwa sababu imevutwa au imeungua, hapo kichwa kipya hakisaidii. Zipu ya chuma ikipoteza jino katikati, ni hivyo hivyo. Ya kijana ilikuwa nzima.

Pili, saizi. Geuza kichwa cha zamani uangalie mgongo wake, mara nyingi utaona namba: 3, 5, 8 au 10. Mabegi ya shule mengi ni 5 au 8, buti za kina dada mara nyingi ni 5. Herufi kama YKK zinakuambia nani alitengeneza, hazikuambii saizi, kwa hivyo usizifuate dukani. Pia angalia aina ya meno, maana kichwa cha zipu ya chuma hakikai vizuri kwenye zipu ya springi hata kama namba ni moja. Mimi hubeba kichwa cha zamani mfukoni nikienda kununua, nacho kinanisemea.

Tatu, nilifumua mshono kwenye pembe moja ya begi, pale zipu inapoishia, kama sentimita tatu tu. Usifumue zaidi, utajipa kazi bure. Kichwa kibovu nikakikata na koleo kwa kubana pembeni hadi kikavunjika, usikivute ukararua utepe. Nikanyoosha ncha mbili za utepe kwa mkasi na kuzipitishia moto wa kiberiti kidogo ili nyuzi zisichanuke. Moto mbali na meno, tafadhali.

Sasa ile sehemu inayotaka mkono uliotulia. Ncha mbili zinaingia kwenye midomo miwili kwa wakati mmoja, na lazima zitokee nyuma zikiwa sawa. Upande mmoja ukitangulia hata kidogo, zipu itafunga, lakini utafika mwisho ukute kitambaa cha upande mmoja kimebaki na begi limejikunja. Ukiona hivyo, toa, rudia. Mara ya kwanza mimi nilirudia mara sita, jasho likinitoka na mama amesimama hapo. Begi la vichwa viwili linarudiwa upande wa pili, na midomo miwili ya kila kichwa inatazama ya mwenzake. Badilisha vyote viwili, kwa sababu vimelika pamoja.

Mwisho unafunga ncha kwa uzi wa nailoni, unapita juu ya meno mara sita au saba mahali pamoja ili kichwa kisitoroke. Kisha unarudisha pembe ya begi na kushona kwa ile sindano ya mpini yenye ndoano kwenye ncha, ile ile ya kushonea soli. Ukiwa nayo, koleo, mkasi, kiberiti, uzi na vichwa vichache vya kila saizi, umeanza. Mimi nilitumia chini ya elfu mbili, na sindano nilinunua Kariokor, kule kwa watu wa ngozi.

Tuongee pesa, maana hapa ndipo wengi wanajidanganya. Kubadilisha vichwa viwili nalipisha 150. Vinanigharimu 40, kwa hivyo nabaki na 110 kwa robo saa. Kubadilisha zipu nzima ya begi nalipisha 300. Utepe na vichwa vinakula kama 100, nabaki na 200, lakini kufumua na kushona kwa mkono kunamaliza saa moja na nusu. Piga hesabu. Kazi ndogo inalipa zaidi kwa saa kuliko ile kubwa. Kwa hivyo ukimdanganya mteja kwamba zipu nzima imekufa, unajiibia mwenyewe, mbali na kwamba siku akimpata fundi mkweli hatarudi kwako.

Ubaya wake ni kwamba wateja wa mabegi hawaji kila siku. Januari ni vurugu, halafu mwezi wa Machi unaweza kukaa siku nzima na begi moja. Ndiyo maana utashona viatu pia, na utabandika soli, ukitaka usitake.

Na begi lililooza kabisa likiletwa, usilitupe. Mwombe mwenyewe ukate vichwa na vishikio vyake. Niko na kopo la mafuta ya kupikia limejaa, na kuna siku saizi 10 imekosekana madukani ikapatikana humo ndani.