Swali lenye kijembe

Mwezi Mei mwaka 1997, katika ukumbi mmoja wa jiji la San Jose, Kalifonia, Steve Jobs alikaa kwenye kigoda kirefu jukwaani akijibu maswali ya waandishi wa programu za kompyuta. Kampuni ya Apple, ambayo yeye alikuwa mmoja wa waanzilishi wake, ilikuwa taabani. Jobs alikuwa ameondoka mwaka 1985, na sasa alikuwa amerejea kama mshauri baada ya Apple kuinunua kampuni yake ya NeXT. Miradi kadhaa ilikuwa imeshasitishwa. Mmojawapo ni OpenDoc, mfumo ambao baadhi ya watu waliokuwamo ukumbini walikuwa wameutolea jasho.

Mtu mmoja akashika kipaza sauti. Alianza kwa sifa, kwamba bwana Jobs ni mtu mwenye akili na ushawishi. Jobs alishanusa kinachofuata. Akasema kwa sauti kuwa haya, sasa linakuja, na ukumbi ukacheka. Likaja kweli. Yule mtu alisema inasikitisha kuona kwamba katika mambo kadhaa Jobs hajui anachokizungumza. Akamtaka aeleze bayana jinsi lugha ya Java inavyotimiza yale yaliyokuwa yakikusudiwa na OpenDoc. Akimaliza hilo, aueleze ukumbi yeye binafsi amekuwa akifanya nini kwa miaka saba iliyopita.

Video ya tukio hilo ipo hadi leo, na anayeitazama kwa makini ataona kwamba katika maneno yale machache kulikuwa na vitu vitatu vilivyofungwa pamoja: tusi mwanzoni, swali halali la kitaalamu katikati, na kijembe mwishoni. Msemaji mwenye hasira husikia tusi na kijembe tu. Swali halali humponyoka, ilhali watu wengine ukumbini wamelisikia na wanasubiri jibu lake.

Jambo la kwanza alilofanya Jobs lilikuwa kunyamaza. Alikunywa maji. Akaanza sentensi kuhusu ugumu wa kuwaridhisha watu wote, akaiacha ikining'inia, akanyamaza tena kwa sekunde kadhaa huku akitazama chini. Kimya hicho ni kigumu kuliko mtu anavyodhani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliolinganisha mazungumzo ya lugha kumi za sehemu mbalimbali za dunia, uliona kwamba kwa wastani mtu hujibu swali baada ya takriban moja ya tano ya sekunde. Mazoea hayo tunayo tangu utotoni. Ndiyo maana sekunde tatu za kimya jukwaani humwelemea msemaji kama saa nzima, akaropoka ili azijaze. Wasikilizaji hawazioni hivyo. Wao huona mtu anayefikiri. Glasi ya maji ina kazi hapo, kwa sababu hakuna anayemlaumu mtu kwa kunywa maji, na anayekunywa hawezi kuropoka.

Alipofungua kinywa, Jobs alikiri. Alisema ugumu wa kuleta mabadiliko ni kwamba watu kama bwana huyu wana haki katika baadhi ya mambo. Akaongeza kwamba bila shaka OpenDoc ina uwezo ambao hakuna mfumo mwingine wenye nao, na mwingine hata yeye haufahamu. Hapo hoja ya kwamba hajui ilikwisha nguvu. Huwezi kumshtaki mtu kwa kosa alilokwisha kulikiri mbele ya halaiki, isipokuwa uanze kuonekana mgomvi.

Kisha akapanua mlango. Swali liliuliza juu ya mfumo mmoja. Yeye akajibu juu ya jinsi ya kuamua mfumo upi uishi na upi ufe. Alisema ni lazima uanze na kile anachokipata mteja, ndipo urudi nyuma kwenye teknolojia, na kwamba yeye mwenyewe amefanya kosa la kwenda kinyumenyume pengine kuliko mtu yeyote mle ndani. Akatoa kisa cha LaserWriter, printa ya Apple ya mwaka 1985. Ndani yake mlikuwa na teknolojia za ajabu, lakini alipoishika karatasi ya kwanza iliyotoka alitambua kwamba mnunuzi hana haja ya kuzijua. Inatosha kumwonyesha karatasi na kumuuliza kama anaitaka. Hatimaye akawatetea wafanyakazi waliokuwa wakihangaika usiku na mchana, akakubali kwamba makosa yatafanyika na yatarekebishwa.

Kijembe cha miaka saba hakukigusa kabisa. Alikuwa na mengi ya kujitetea, kwa maana NeXT ilikuwa kazi yake ya miaka yote hiyo, lakini angejitetea mjadala ungegeuka kuwa wasifu wake. Hili ndilo somo gumu kuliko yote katika video ile: katika swali lenye vitu vitatu, unajibu kile kinachowahusu watu walioketi.

Haki itendeke, ikumbukwe pia alichokosa. Swali la Java hakulijibu. Aliyetaka maelezo ya kitaalamu alirudi nyumbani mikono mitupu. Jobs aliweza kuponyoka kwa sababu alikuwa Jobs, ukumbi ulitaka kumsikia, na hakuna aliyemkatiza kwa dakika kadhaa alizozungumza. Mtaalamu wa kawaida akipanua swali bila kulijibu hata kidogo ataambiwa amekwepa, na ataambiwa kwa haki. Kwake utaratibu salama ni kujibu kwanza kiini cha swali kwa sentensi moja au mbili, hata kama jibu lenyewe ni kwamba hana takwimu hizo, ndipo apanue.

Upande wa pili wa shilingi ulionekana Florida tarehe 17 Novemba 1973. Rais Richard Nixon wa Marekani alikuwa akijibu maswali ya wahariri wa magazeti wakati kashfa ya Watergate imepamba moto. Katika kueleza habari za fedha zake alisema wananchi wana haki ya kujua kama rais wao ni tapeli, kisha akatamka kwamba yeye si tapeli. Alizungumza mengi siku hiyo, ila neno lililobaki vichwani mwa watu ni lile moja. Anayekana shutuma kwa neno lenyewe la shutuma huwa analitangaza. Mtu akiulizwa kwa nini anawaibia wakulima, jibu la kwamba hawaibii tayari limeshauweka wizi na wakulima katika sentensi yake mwenyewe. Afadhali aseme fedha zinatoka wapi na zinaenda wapi.

Katika kumbi za Afrika Mashariki mambo huja kwa sura nyingine kidogo. Mara nyingi hatari si swali, bali ni yule anayesimama na kusema hana swali ila ana mchango, na mchango ukachukua dakika kumi. Pia kuna desturi ya mwenyekiti kukusanya maswali matatu matatu kabla ya kumpa msemaji nafasi. Wengi huiona kama njia ya kuokoa muda, lakini ina faida kubwa zaidi: humpa msemaji dakika za kutafakari, na humruhusu kuchagua mpangilio. Swali lenye kijembe likiwa la pili kati ya matatu, si lazima lijibiwe la pili. Lijibiwe la kwanza, kwa ufupi, ili kikao kimalizikie kwenye swali la mada. Likiachwa mwisho, ndilo watu watakalotoka nalo mlangoni.

Chukulia mfano huu wa kubuni, ambao wataalamu wengi wa ugani watautambua. Dada mmoja amemaliza kuzungumza na wakulima kijijini mkoani Dodoma juu ya sumukuvu, sumu ya ukungu inayoota kwenye mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri, ambayo iliua watu mkoani humo na Manyara mwaka 2016. Mzee mmoja anasimama. Anasema mbolea ya ruzuku haijafika, mvua zinakaribia, na wataalamu kazi yao ni kuja na magari kula posho kwa jina la wakulima. Watu wanacheka, wengine wanapiga makofi.

Maneno hayo ni nje ya mada na ni shambulio pia. Makofi yanampa dada habari muhimu: malalamiko si ya mzee peke yake. Akisema hiyo si mada ya leo, ni kweli, na atakuwa amelipoteza kundi zima. Akimjibu mzee kwa ukali atakuwa amepotea zaidi, maana mbele ya kijiji kijana anayemuumbua mzee huonekana mkosefu hata akiwa na hoja.

Anaanza na shikamoo. Mzee hana budi kuitikia marahaba, na katika maneno hayo mawili joto hushuka, mradi salamu iwe ya dhati, isiyo na kebehi. Halafu anataja upya kilichoulizwa, bila sumu yake: mzee anauliza mbolea itafika lini, na ziara hii inawasaidia nini wakulima. Kwa la kwanza anasema ukweli, kwamba ugawaji wa mbolea hauko mikononi mwake na hajui tarehe, ila ataandika swali hilo na kumkabidhi afisa kilimo wa kata leo hii, mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Kwa la pili anachukua chupa ya kioo iliyo kavu, anatia mahindi ya mzee mwenyewe na chumvi kavu kidogo, anatikisa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu na hayafai kuingia ghalani. Neno posho halitamki.

Kuna mambo mawili ya kumtazama kabla hajaendelea. La kwanza ni macho yake. Akimalizia jibu huku akimtazama mzee, amemwalika aongeze swali. Kwa hiyo sentensi ya mwisho aielekeze kwa watu wa upande mwingine, kisha aombe swali kutoka huko. La pili ni mwenyekiti. Makubaliano nao hufanywa kabla ya kikao: kila mtu swali moja, na mwenye kurudia asubirishwe mpaka wengine wamalize. Msemaji akimkatiza mtu yeye mwenyewe huonekana anaogopa. Mwenyekiti akifanya hivyo anatimiza utaratibu.

Itokee mzee asimame tena, aseme hajaridhika. Kurudia jibu lilelile kwa sauti kubwa hakusaidii kitu. Dada anaweza kukiri kwamba juu ya mbolea hawezi kumridhisha leo, na kumwomba wakae pamoja kikao kikiisha. Ahadi hiyo ina sharti lake: kikao kikiisha, kabla ya kukunja turubai na kabla ya kupiga picha na viongozi, aende alipo mzee na daftari mkononi, aandike jina la kitongoji na idadi ya mifuko inayosubiriwa. Watu watakuwa bado wanatawanyika taratibu, na watamwona.