Rangi ya Nywele Huanzia Kwenye Nyusi

Anayetafuta rangi ya kufunika mvi katika maduka ya Mtaa wa Biashara, Nairobi, aghalabu huitazama picha iliyo juu ya boksi. Afadhali aitazame nambari. 1 ni nyeusi tii, 4 ni kahawia, na kadiri nambari inavyopanda rangi hupauka hadi 10. Tarakimu iliyo baada ya nukta huonyesha mng'ao. Kwa watengenezaji wengi 3 ni dhahabu na 4 ni shaba.

Tumchukue bibi wa Kileleshwa mwenye ngozi ya maji ya kunde na mvi nusu ya kichwa. Nyusi zake, zikitazamwa kwa nuru ya mchana, si nyeusi tii. Ziko baina ya 2 na 3. Akipaka 1, nywele zitakuwa nyeusi mno kuliko nyusi, nazo nyusi zitaonekana kama zimechujuka, huku ukingo wa paji ukijichora kama mstari wa wino. Akipaka 6.4, mvi zitapokea shaba yote ilhali nywele nyeusi hazitabadilika sana, na kichwa kitakuwa na mabaka. Ya kumfaa ni 4, isiyozidi hatua mbili kutoka kwenye nyusi. Kwa kuwa ngozi yake ina umanjano, achanganye nusu ya 4 na nusu ya 4.3, maana dhahabu peke yake haifuniki mvi barabara. Rangi ya majivu ingeufanya uso wake uonekane umechoka.

Kama nywele zimekwisha kupakwa piko, hesabu hiyo haifanyi kazi isipokuwa kwenye mizizi mipya, kwani rangi haiondoi rangi. Nasi wenye kujistiri tukumbuke kwamba nywele zetu huonekana zaidi nyumbani jioni, na taa ya manjano huzidisha wekundu. Basi kishungi cha majaribio kitazamwe mlangoni mchana, kisha chini ya taa. Saluni za Westlands zenye taa kali za kioo zisiwe hakimu wa pekee.

Nyusi zenyewe zisipakwe rangi ya nywele. Ni hatari kwa macho.

Lililo zito kuliko yote ni ngozi. Piko na rangi nyingi za boksi zina kemikali moja, parafenilindiamini. Tone la rangi lipakwe nyuma ya sikio, lisubiriwe saa 48. Pakiwasha, pakivimba au pakitoka malengelenge, boksi lirudishwe kabatini. Aliyewahi kuchomwa na piko mikononi asijaribu kabisa, hata tone. Huyo atumie hina safi isiyotiwa kitu, ambayo mvi huzifanya za rangi ya chungwa, kisha apake unga wa nili juu yake upate kuzikoza ziwe kahawia nzito au nyeusi.