Maelezo Bainishi Yasiyo na Kitajwa: Nadharia ya Russell na Mfano wa Mwami wa Burundi

Ikisiri

Makala hii inaeleza jinsi nadharia ya maelezo bainishi ya Bertrand Russell inavyotatua fumbo la virai visivyotaja kitu chochote. Mfano mkuu ni kirai "mwami wa sasa wa Burundi". Makala inaonyesha kuwa Kiswahili, ingawa hakina kibainishi maalumu cha umahususi, kina njia zake za kudhihirisha tofauti ambazo nadharia hiyo inazihitaji, na kwamba kutozizingatia kunaweza kupotosha maana ya sheria na ripoti.

1. Fumbo

Tarehe 28 Novemba 1966 Michel Micombero alimwondoa madarakani Mwami Ntare wa Tano na kuitangaza Burundi kuwa jamhuri. Tangu siku hiyo nchi haijawa na mwami. Hata hivyo, mtu anaweza kutamka leo sentensi ifuatayo, na kila msikilizaji akaielewa:

(1) Mwami wa sasa wa Burundi anaishi Bujumbura.

Iwapo maana ya kirai ni kile kinachotajwa nacho, kiima cha sentensi (1) hakina maana, na sentensi nzima ingepaswa kuwa kelele tupu. Lakini si kelele. Ugumu unaongezeka mtu anapotaka kusema ukweli ulio wazi kwamba mwami huyo hayupo. Ili kukanusha kuwapo kwake, inaonekana ni lazima kwanza awepo wa kukanushiwa. Mwanafalsafa wa Austria, Alexius Meinong, alikubali matokeo hayo: kwake, hata duara lenye pembe nne ni kitu cha aina fulani, ingawa hakimo katika orodha ya vilivyopo. Russell aliona kuwa gharama hiyo ni kubwa mno. Katika makala yake ya mwaka 1905 iliyochapishwa katika jarida la Mind, akitumia mfano wa mfalme wa Ufaransa, alipendekeza njia nyingine.

2. Suluhisho

Hoja ya Russell ni kwamba kirai cha namna hii kinafanana na jina kwa sura ya nje tu. Katika umbo la kimantiki hakisimami peke yake kama kijenzi cha sentensi, bali huyeyuka na kuacha madai. Sentensi (1) inadai mambo matatu kwa pamoja: kwamba yuko angalau mtu mmoja ambaye sasa ni mwami wa Burundi, kwamba hayuko zaidi ya mmoja, na kwamba yeyote aliye mwami huyo anaishi Bujumbura. Tukiandika M kwa "ni mwami wa sasa wa Burundi" na B kwa "anaishi Bujumbura", tunapata:

∃x(Mx ∧ ∀y(My → y = x) ∧ Bx)

Hakuna sehemu ya fomula hii inayohitaji mwami ili iwe na maana. Inahitaji tu sifa ya kuwa mwami, ambayo hueleweka hata pasipokuwa na anayeibeba. Sentensi (1) basi ina maana kamili, nayo ni ya uongo kwa sababu dai la kwanza halitimii. Ingetamkwa Oktoba 1966, madai mawili ya kwanza yangetimia, na ukweli wake ungetegemea makazi ya Ntare. Kilichobadilika kati ya wakati ule na sasa ni hali ya nchi. Maana ya maneno haikubadilika.

Kukanusha kuwapo nako hakuleti tena utata. Kusema kuwa mwami wa sasa hayupo ni kusema kuwa hakuna mtu mmoja pekee mwenye sifa hiyo. Hakuna kivuli cha mwami kinachoachwa nyuma ili kikanushwe.

3. Upeo wa ukanushi

Fikiria sasa sentensi (2):

(2) Mwami wa sasa wa Burundi haishi Bujumbura.

Ikiwa (1) ni ya uongo, je, (2) ni ya kweli? Jibu hutegemea mahali ukanushi unapowekwa:

¬∃x(Mx ∧ ∀y(My → y = x) ∧ Bx)

∃x(Mx ∧ ∀y(My → y = x) ∧ ¬Bx)

Fomula ya kwanza inakanusha dai zima, nayo ni ya kweli. Ya pili inadai kuwa yuko mwami mmoja na kwamba anaishi kwingine, nayo ni ya uongo. Katika Kiswahili kiambishi "ha-" hukaa ndani ya kitenzi, kwa hiyo sentensi (2) huelekea kusomwa kwa maana ya pili. Anayekusudia ya kwanza hana budi kuandika "Si kweli kwamba..." au "Hakuna mwami aishiye Bujumbura".

Tofauti hii ina athari katika uandishi wa kiserikali. Wadhifa wa Waziri Mkuu wa Burundi ulifutwa mwaka 1998 na kurejeshwa mwaka 2020 chini ya Katiba ya 2018. Tuseme ripoti ya mwaka 2010 iliandika: "Waziri Mkuu hakuidhinisha matumizi haya." Kwa upeo mpana wa ukanushi, kauli hiyo ni ya kweli. Kwa upeo finyu ni ya uongo, na zaidi ya hapo inamtwika uzembe afisa ambaye hakuwapo. Ipo pia tofauti ya "hayupo" na "hakuna". "Waziri Mkuu hayupo" kwa kawaida hueleweka kuwa yupo mtu lakini ametoka; "Hakuna Waziri Mkuu" hugusa wadhifa wenyewe. Muundo wa pili ndio ulio karibu zaidi na uchanganuzi wa Russell.

4. Dai la upekee

Kirai kinaweza pia kushindwa kwa kutajika kwa vitu viwili. Tangu mwanzoni mwa 2019, Gitega ni mji mkuu wa kisiasa wa Burundi, na Bujumbura imebaki kuwa mji mkuu wa kiuchumi. Iwapo neno "mji mkuu" linachukuliwa kuhusu yote miwili, agizo "Nyaraka ziwasilishwe katika mji mkuu wa Burundi" linavunja dai la pili, na mpokeaji hawezi kulitekeleza bila kubahatisha. Dawa ni kuongeza sifa mpaka abaki mmoja tu: "mji mkuu wa kisiasa", au jina lenyewe.

5. Mipaka ya nadharia

Russell alianzia kwenye kibainishi cha Kiingereza ambacho Kiswahili hakina. "Mwami" peke yake huweza kuwa mwami fulani au mwami yeyote. Umahususi hujulikana kwa muktadha, kwa kioneshi kama "yule", au pengine kwa kiambishi cha yambwa, kama katika "ameisoma ripoti" ikilinganishwa na "amesoma ripoti". Kwa hiyo mchanganuzi wa Kiswahili hawezi kulitafuta dai la upekee katika neno moja.

Pingamizi zito zaidi lilitolewa na P. F. Strawson mwaka 1950. Kwake, asemaye sentensi (1) hadai kuwa mwami yupo, bali anachukulia hivyo; dhana hiyo ikikosekana, suala la ukweli au uongo halizuki. Mazungumzo ya kawaida yanampa nguvu: anayesikia sentensi (1) mjini Bujumbura angeuliza "Mwami yupi?" kabla ya kujibu "Si kweli". Lakini jibu hilo linaonyesha namna watu wanavyopokea kauli, na haliondoi haja ya kuamua kauli inabeba wajibu gani ikishaandikwa. Kifungu cha sheria hakiwezi kumuuliza mwandishi wake alimaanisha nani. Kwa maandishi ya aina hiyo, kuyaandika madai matatu waziwazi kungali njia salama zaidi ya kujua kama kirai kinamtaja mtu, kinawataja wawili, au hakimtaji yeyote.