Nembo Ikigoma Kuondoka

Televisheni ya inchi 32 imeletwa kwa fundi, Kariakoo. Mwenyewe anasimulia kwamba jana usiku iliomba ruhusa ya kusasisha mfumo, naye akakubali. Mstari wa maendeleo ulipokuwa umepita nusu, umeme ukakatika. Uliporudi, televisheni iliwaka, nembo ya kampuni ikatokea, na hapo ndipo ilipogota mpaka asubuhi.

"Fundi, imekufa hii?"

"Haijafa, mama. Imekwama."

Jibu hilo si la kumpooza mteja. Nembo ile huchorwa na programu ndogo kabisa inayoamka kwanza pindi kifaa kinapopata umeme, na imehifadhiwa mahali pake, mbali na mfumo mkubwa wa Android. Kazi yake ni kuamsha kumbukumbu na kioo, kuonyesha nembo, kisha kuukabidhi usukani kwa mfumo. Basi ukiiona nembo, ujue chipu kuu inafanya kazi, taa za kioo ni nzima na programu ya kuwashia haikuguswa. Kilichoharibika ni kile kinachofuata, yaani mfumo ulioandikwa nusu. Kifaa kilichoharibiwa programu ya kuwashia yenyewe hakionyeshi chochote. Kioo hubaki cheusi, na hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Kwa hiyo tazama nembo kabla ya kubonyeza lolote. Ikiwa imeganda kama picha, huenda mfumo haujaanza kabisa. Ikiwa inacheza, yaani rangi zinazunguka au herufi zinapumua, Android yenyewe imeshaamka lakini inashindwa kumaliza safari. Kukwama kwa namna hii ya pili mara nyingi kunatokana na data za mtumiaji zisizopatana na toleo jipya, na tiba yake ni nyepesi. Pia ipe muda. Baada ya kusasishwa, kuwaka kwa mara ya kwanza huchukua dakika nyingi kuliko kawaida, kwa hiyo nusu saa ya kusubiri si nyingi. Chomoa flashi, kingʼamuzi na kila kilichochomekwa, ondoa waya wa umeme kwa dakika kumi, kisha uwashe upya.

Vifaa vingine hujiokoa vyenyewe. Tangu Android 7.0 ya mwaka 2016, mtengenezaji anaweza kugawa hifadhi ili mfumo uwe na nafasi mbili: toleo jipya linaandikwa kwenye nafasi isiyotumika huku la zamani likibaki salama. Jipya likishindwa kuwaka mara kadhaa, kifaa hurudi kwenye la zamani. Ndiyo maana ni busara kukiacha kijaribu mara chache kabla ya kukiingilia. Bahati mbaya, televisheni nyingi za bei nafuu hazina nafasi ya pili.

Kama hakuna kilichobadilika, kuna menyu ya uokoaji, ambayo ina sehemu yake nje ya mfumo ulioharibika. Kwenye tableti nyingi unaifikia kwa kuzima kabisa, kisha kushikilia pamoja kitufe cha kuwashia na cha kuongeza sauti. Tableti nyingi mpya za Samsung zinataka kwanza ziunganishwe na kompyuta kwa waya wa USB, la sivyo menyu haitoki. Kwenye televisheni, mara nyingi unashikilia kitufe kilicho kwenye mwili wa seti, si cha rimoti, huku mtu mwingine akichomeka waya ukutani.

Ndani ya menyu hiyo, anza na `Wipe cache partition` kama ipo, maana haigusi picha wala mafaili yako. `Wipe data/factory reset` inafuta kila kitu, nayo ina mambo mawili ya kuyajua mapema. Kwanza, vifaa vya siku hizi huhifadhi data kwa usimbaji, kwa hiyo kilichofutwa hapo hakuna fundi wa kukirudisha, hata aing'oe chipu. Pili, tableti itakapowaka itadai akaunti ya Google iliyokuwemo pamoja na nywila yake. Kinga hiyo ya wizi ipo tangu Android 5.1, na imewafungia nje wenye mali wengi waliosahau nywila. Hakikisha unaikumbuka kabla ya kubonyeza.

Kufuta data hakuandiki mfumo upya. Kwa televisheni ya Kariakoo, iliyokatikiwa umeme katikati ya kuandika, kunaweza kusisaidie kitu. Hapo inatakiwa faili kamili la mfumo, na kazi ngumu ni kulipata lililo sahihi. Fundi hakuuliza jina la kampuni lililo mbele. Alifungua mgongo akasoma namba iliyochapwa kwenye bodi, kisha namba ya paneli kwenye stika yake. Televisheni mbili zenye jina moja na ukubwa mmoja zinaweza kubeba bodi tofauti au paneli tofauti, na faili linapaswa kuafiki zote mbili. Wewe usifungue: kapasita za upande wa umeme hubaki na chaji ya volti mia kadhaa hata baada ya waya kuchomolewa. Kwa televisheni za kampuni kubwa, namba ya modeli iliyo kwenye stika ya nyuma inatosha kutafuta faili kwenye tovuti ya mtengenezaji.

Faili lilipopatikana, alilinakili kwenye flashi ya GB 8 iliyoumbizwa kwa FAT32, nje ya folda yoyote, bila kubadilisha hata herufi moja ya jina lake. Programu ya kuwashia hutafuta jina maalumu. Kwenye bodi nyingi za MStar, kwa mfano, ni `MstarUpgrade.bin`. Kompyuta ikiongeza `(1)` mwishoni, haitalitambua. Akachomeka flashi, akashikilia kitufe cha seti, akarudisha umeme. Taa ndogo ya mbele ikaanza kumetameta harakaharaka, ishara kwamba uandishi umeanza. Taa isipometameta, tatizo kwa kawaida ni flashi yenyewe, umbizo lake au tundu la USB ulilochagua, kwa hiyo badilisha hayo kabla ya kulaumu bodi. Baada ya dakika chache seti ilijiwasha yenyewe, ikapita nembo. Picha ingekuja juu chini, au rangi zikageuka kama negativu, maana yake bodi imekubali faili lakini si la paneli ile.

Tableti za Samsung zina njia yao: kompyuta ya Windows na programu ya Odin. Hapo angalia faili moja tu kwa makini. Ukiweka `HOME_CSC` data zako kwa kawaida zinabaki. Ukiweka `CSC` zinafutwa. Mpe fundi agizo hilo mapema, kwa sababu wengi huweka la kufuta ili kazi iishe haraka. Usimwombe pia akurudishe kwenye toleo la zamani sana, kwani programu ya kuwashia hukataa matoleo yaliyo chini ya kiwango chake cha usalama.

Liko jambo moja ambalo faili haliwezi kutibu. Hifadhi ya ndani huchakaa kwa kuandikwa mara nyingi, na sasisho kubwa huandika sehemu ambazo hazijaguswa kwa muda mrefu. Ikiwa uandishi unakatika kila mara kwenye asilimia ileile, au kifaa kinapona kisha baada ya wiki moja kinarudi kwenye nembo, chipu ya hifadhi ndiyo inayokufa. Fundi mwenye mashine ya kuandikia chipu anaweza kuibadilisha. Asiye nayo ataendelea kukuandikia faili lilelile na kukutoza kila safari. Muulize kabla hujaacha seti yako kwake.