Sukari Kwenye Springi, Jiwe Kwenye Uzi

Tundika springi ndefu na laini kwenye boriti, funga chini yake mfuko wa sukari wa kilo moja, kisha pima springi imerefuka kiasi gani. Tuseme imerefuka sentimita 25. Sasa chukua uzi, funga jiwe dogo, na ulitundike kando ya springi, ukihakikisha kwamba kutoka kwenye msumari hadi katikati ya jiwe ni sentimita 25 zile zile. Vuta sukari chini kidogo, vuta jiwe pembeni kidogo, uviachie kwa pamoja. Mfuko utapanda na kushuka, jiwe litakwenda na kurudi, na kila kimoja kitatumia sekunde moja kurudi pale kilipoanzia. Kimoja ni chuma kilichosokotwa, kingine ni uzi tu usio na nguvu yoyote ya kusukuma. Lakini vinakwenda sawa, pigo kwa pigo.

Tuanze na springi. Mwingereza Robert Hooke alichapisha kanuni yake mwaka 1676 kwa herufi zilizochanganywa makusudi ili asiibiwe, na mwaka 1678 akaifumbua: kadiri springi inavyovutwa, ndivyo inavyovuta kurudi. Ukiirefusha mara mbili, nayo inavuta kwa kani mara mbili. Kilo moja ya sukari huvutwa na dunia kwa kani ya karibu nyutoni 9.8, na springi yetu imeibeba kwa kurefuka robo mita. Hivyo ugumu wake ni nyutoni 39 hivi kwa kila mita. Mtetemo wowote ambao kani ya kurudisha hukua sambamba na umbali kutoka katikati namna hii, wanafizikia huuita mtetemo sahili.

Vuta sasa mfuko sentimita 10 chini ya pale ulipotulia, uushikilie. Mkono wako umefanya kazi, na kazi hiyo haikupotea. Imewekwa kama nishati tuli, yaani nishati ambayo kitu kinayo kwa sababu ya mahali kilipo, ingawa hakisogei. Hapa hesabu inataka uangalifu, kwa sababu akiba ziko mbili. Springi iliyorefuka zaidi imeongezewa karibu jouli 1.18. Wakati huo huo sukari imeshuka, ikapoteza karibu jouli 0.98 za nishati iliyokuwa nayo kwa kuwa juu. Tofauti ni jouli 0.2, na ndizo ulizolipa wewe.

Ukiachia, mfuko unaanza kupanda. Nishati tuli inapungua na nishati mwendo inaongezeka kwa kiasi kile kile. Mfuko unapopita katikati, jouli 0.2 zote zimekuwa mwendo, na kasi yake ni karibu sentimita 63 kwa sekunde. Hausimami hapo, maana una kasi. Unaendelea juu sentimita 10 nyingine, mwendo ukigeuka tena kuwa akiba, hadi unasimama kufumba na kufumbua kisha unashuka. Katika sekunde moja ya safari nzima, nishati imebadilishana umbo mara nne: akiba kuwa mwendo, mwendo kuwa akiba, kisha hivyo hivyo tena wakati wa kushuka.

Ubadilishanaji huu hauendi kwa hatua sawa. Mfuko ukiwa umefika nusu ya njia, sentimita 5 kutoka katikati, mtu angetarajia nusu ya nishati iwe bado akiba. Sivyo. Akiba ni robo tu, na robo tatu tayari ni mwendo. Nishati ya springi hufuata mraba wa umbali: umbali nusu, akiba robo.

Mraba huo ndio unaoweka saa ya mtetemo. Ukiuvuta mfuko sentimita 5 badala ya 10, umeweka robo ya nishati. Nishati mwendo nayo hufuata mraba wa kasi, kwa hiyo robo ya nishati inatoa nusu ya kasi. Njia nusu kwa kasi nusu: muda haubadiliki. Ndiyo maana mtetemo unapofifia, kwa sababu hewa na chuma chenyewe vinageuza nishati kuwa joto kidogo kidogo, mfuko unakwenda umbali mdogo zaidi lakini kipindi chake kinabaki sekunde moja.

Jiwe kwenye uzi linaingiaje hapa? Hakuna springi, lakini lipo tao. Jiwe linapokwenda pembeni, uzi unalilazimisha kupanda. Pembeni sentimita 5, limepanda milimita 5. Pembeni sentimita 10, limepanda karibu milimita 21, yaani mara nne hivi. Mraba ule ule umerudi, safari hii kwa njia ya urefu wa kupanda. Tazama pia kani. Kwa uzi wa sentimita 25, jiwe lililo sentimita 5 pembeni hurudishwa na takriban moja ya tano ya uzito wake. Sukari iliyo sentimita 5 chini ya kituo chake nayo hurudishwa na moja ya tano ya uzito wake, kwa kuwa sentimita 25 za kurefuka ndizo zilizobeba uzito wote. Sehemu ni ile ile, basi na muda ni ule ule.

Ongeza kilo ya pili na vitaachana. Springi itarefuka hadi sentimita 50, na kipindi kitakuwa sekunde 1.4. Kwenye uzi, jiwe zito maradufu halibadilishi kitu, mradi kitovu chake kiko pale pale: uzito mkubwa zaidi unalivuta, na uzito huo huo ndio wa kusogezwa.

Hata hivyo pendulumu ni mtetemo sahili kwa pembe ndogo tu. Galileo aliamini kwamba muda ni sawa hata jiwe likivutwa mbali sana. Mholanzi Christiaan Huygens, aliyebuni saa ya pendulumu mwaka 1656, alionyesha kwamba tao la duara halitoshi. Kwa nyuzi 10 kosa ni kama sehemu 2 kwa 1,000, huwezi kuligundua kwa macho. Kwa nyuzi 90 kipindi kinaongezeka karibu asilimia 18. Springi nayo ina kasoro zake. Ikiwa ina uzito wa kuhesabika, theluthi moja ya uzito huo hujumlishwa na wa sukari, na mtetemo unachelewa. Ikiwa mizunguko yake imebanana tangu kiwandani, haianzi kurefuka hadi ibebe mzigo fulani, kwa hiyo urefu uliopima utakudanganya. Dalili ni kwamba kilo ya pili inairefusha zaidi kuliko ya kwanza.

Kuna hali moja ambapo springi na pendulumu huwa kitu kimoja. Iongezee springi uzi juu yake mpaka kutoka kwenye msumari hadi katikati ya mfuko, sukari ikiwa imetulia, iwe mita moja, mara nne ya zile sentimita 25. Vuta mfuko wima chini, uuachie. Utapanda na kushuka vizuri kwa muda, kisha, bila kuguswa, utaanza kuyumba pembeni. Kuyumba kutakua na kupanda-shuka kutafifia, halafu mambo yatageuka. Pendulumu ya mita moja ina kipindi cha sekunde 2, na springi inapiga mara mbili katika kila kuyumba kumoja. Ni kama mtoto anayesimama na kuchuchumaa kwenye bembea kwa wakati unaofaa: kila mvuto wa springi unaongeza kuyumba. Warusi Vitt na Gorelik waliufafanua mwendo huu mwaka 1933. Ongeza nusu kilo ya sukari, uwiano wa mara nne unavunjika, na mfuko unabaki kupanda na kushuka wima.