Ukipewa maiki Siku ya Urithi, taja jina la Nyanjiru

Umechaguliwa kutoa hotuba shuleni Siku ya Urithi. Una dakika tano, na tayari kichwani umepanga majina: Kenyatta, Kimathi, Odinga, wale wa Kapenguria. Ngoja kwanza. Hayo majina kila mtu gwarideni anayajua, na ukifika la nne wenzako watakuwa wameanza kupiga stori.

Chukua mtu mmoja, siku moja, mahali pamoja. Mimi ningemchukua Mary Muthoni Nyanjiru na tarehe 16 Machi, 1922.

Anza na shida iliyowaleta watu barabarani, maana bila hiyo kifo chake hakieleweki. Wakati huo mwanamume Mwafrika alilazimika kutembea na kipande, karatasi iliyoonyesha anamfanyia nani kazi. Kodi ya nyumba ilikuwa imepanda, na mwaka wa 1921 walowezi wakakata mishahara kwa thuluthi moja. Kule mashambani, wanawake na wasichana walikuwa wakilazimishwa kufanya kazi kwenye mashamba ya Wazungu. Kijana aliyeyasema haya hadharani ni Harry Thuku, karani wa simu serikalini. Alikamatwa Machi 14.

Siku mbili baadaye, maelfu ya watu walikuwa wamejaa nje ya kituo cha polisi Nairobi, karibu na hoteli ya Norfolk. Wengi walikuwa watu wa kawaida tu: vibarua, wapishi, madereva, akina mama. Wajumbe waliingia kuzungumza na serikali, wakatoka wakiwaambia watu warudi nyumbani. Baadhi ya wanaume wakaanza kuondoka.

Hapo ndipo Nyanjiru alipojitokeza. Walioshuhudia walisimulia baadaye kwamba aliinua gauni lake mbele ya wanaume, akawaambia walichukue na wampe yeye suruali zao, kwa kuwa wao ni waoga. Wanawake wakapiga vigelegele, umati ukasonga mbele hadi kwenye lango, na risasi zikaanza. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka.

Sasa, sehemu hii ya gauni ndiyo itakusumbua. Ukiisema ovyo, darasa litacheka na hotuba imeisha. Ukiiruka, umeondoa kitu chenyewe alichokifanya. Eleza maana yake kabla ya kusema tendo: kwa Wakikuyu, mwanamke mzima kujivua mbele ya wanaume ilikuwa laana nzito, silaha ya mwisho ya mtu aliyeishiwa na njia nyingine. Ukitanguliza hilo, hakuna atakayecheka.

Jihadhari pia na idadi. Serikali ya kikoloni ilisema waliouawa ni 21. Kuna waliosema ni wengi zaidi. Wewe sema "serikali yenyewe ilikiri 21", kisha uache hapo. Ukitupa namba kubwa usiyoweza kuitetea, mwalimu wa historia atakukamata, na kila ulichosema kitatiliwa shaka. Vivyo hivyo, usimtungie Nyanjiru maneno marefu ya kishujaa. Yanayojulikana kumhusu ni machache, na yanatosha.

Mwisho wa hotuba ndio huwashinda wengi. Wanafunga kwa "tuige mfano wao", maneno yanayofaa sherehe yoyote ile. Funga na kitu ambacho wenzako wanaweza kukiona kwa macho. Kwa mfano:

"Thuku hakuachiliwa siku ile. Alipelekwa Kismayu, na ilipita miaka minane hivi kabla ya kurudi nyumbani. Leo ukishuka mjini, utapata barabara yenye jina lake, na Norfolk bado iko pale pale. Wapishi na vibarua waliosimama hapo wakimdai hawakuandikwa kwenye kibao chochote cha barabara hiyo. Mmoja wao tunamjua kwa jina. Mwalimu mkuu, walimu na wenzangu, naomba tusimame kwa ajili ya Mary Muthoni Nyanjiru, na kwa ajili ya wale ambao majina yao hatutayajua kamwe."

Kisha nyamaza. Hesabu hadi kumi kimoyomoyo kabla ya kusema asante, hata kama miguu inatetemeka.

Usiku wa kuamkia siku hiyo, isome kwa sauti huku simu ikihesabu muda. Ikipita dakika tano, usiongeze mbio. Punguza maelezo ya kodi na mishahara, lakini uache wasichana waliolazimishwa kufanya kazi. Wakiondoka hao, msikilizaji hataelewa kwa nini ni mwanamke aliyekataa kurudi nyumbani.